Kidonge Kimoja Kimoja

Mtaa mzima walimwita Redio, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa kinyozi, na kinyozi bubu atanyoa nani? Ulikaa kwenye kiti chake ukainuka nywele zimepungua na habari zimeongezeka. Kwa hiyo alipoanza kuwajibu wateja kwa kutikisa kichwa, watu wakajua mambo si shwari. Kumeza mate kulimtoa machozi. Maji yenyewe, alisema, yakishuka yanachoma hapa katikati ya kifua, nyuma ya mfupa, na yanasimama hapo kama hayana pa kwenda.

Dada yake alikuwa na duka la dawa barabara ya pili. Yeye walimwita Mama Vidonge, ingawa mbele yake walisema dada tu, kwa sababu alikuwa mkali. Alisomea kazi hiyo miaka miwili, cheti chake kilitundikwa ukutani penye mwanga, na mteja akikosea jina la dawa alisahihishwa mpaka ajute kuuliza. Mdogo wake huyo ndiye mtu pekee aliyeingia dukani akapita nyuma ya kaunta bila kuambiwa rudi. Walizaliwa wawili tu. Mama yao alipokufa, Redio alikuwa na miaka minane, na dada ndiye aliyemfunga kamba za viatu.

Wifi yake, mke wa Redio, ndiye aliyempeleka hospitali. Mwanamke huyu hakuwa na mchezo na afya. Yeye na mumewe walipimwa pamoja miaka sita iliyopita, wakakutwa na virusi pamoja, wakaanza dawa siku moja. Za kwake alimeza saa mbili kila usiku, taarifa ya habari ikianza. Redio alisema za kwake anaziweka kazini, eti asubuhi ndiyo anakumbuka. Kliniki yake pia ilikuwa upande wa pili wa mji, hataki kukutana na wateja kwenye foleni. Mke alimwamini. Kwa nini asimwamini?

Daktari wa hospitali alikuwa mama mwenye miwani ya kamba na mkono wa haraka. Alimmulika mdomoni, akakwangua ulimi kwa kijiti. Utando mweupe ulijaa mpaka kwenye kaakaa, na ulipobanduka uliacha wekundu unaovuja. Akampima uzito, kilo arobaini na tatu. Akachukua damu. Kinga, zile CD4 zinazotakiwa kuwa mia tano na kuendelea, zilikuwa ishirini na nane.

"Hawa ni fangasi," alisema. "Mdomoni tunawaona. Kwa jinsi unavyosema kifua kinauma ukimeza, wameshuka mpaka kwenye umio, ile njia ya chakula. Mtu mwenye kinga nzuri hawamfikii huko. Dawa zako za virusi unakunywa?"

Redio akatikisa kichwa, ndiyo.

"Hukosi?"

Hapana, hakosi.

"Umewahi kutumia flukonazoli? Dawa ya fangasi?"

Hapana.

Basi daktari akaandika. Flukonazoli, miligramu mia nne siku ya kwanza, halafu mia mbili kila siku, siku ishirini na moja, hata akijisikia amepona siku ya tano. Damu nyingine akaipeleka kupima wingi wa virusi, jibu ni la wiki kadhaa. Akamwambia mke, "Kati ya siku ya tatu na ya saba lazima uone tofauti. Usipoiona, usisubiri zile ishirini na moja ziishe. Mrudishe."

Dirisha la dawa la hospitali halikuwa na flukonazoli wiki hiyo, kwa hiyo wifi akaenda kuzichukua dukani kwa Mama Vidonge.

Sasa hapo ndipo ilipofaa Mama Vidonge afungue mdomo. Alisoma cheti cha daktari mara mbili. Alijua kabisa dawa ile si ngeni kwa mdogo wake. Lakini akatoa vidonge, akavihesabu, akaandika maelezo juu ya bahasha kwa herufi kubwa, akasema, "Nitakuja mwenyewe asubuhi kumnywesha." Alidhani akimsimamia vizuri sasa, yaliyopita yatakuwa yamepita.

Na alimsimamia kweli. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alikaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha maji, akahakikisha kidonge kimekwenda. Redio alifumba macho, akakishika kitanda kwa mikono miwili, akameza, halafu akalala kwa ubavu. Siku ya tatu hakuna tofauti. Siku ya tano akaacha uji. Siku ya saba alitema mate kwenye kopo ili asiyameze, na utando ule mdomoni ulikuwa umezidi, umefika pembe za midomo. Wifi hakumuuliza mtu. Aliita gari, akamrudisha hospitali, naye akalazwa.

Daktari alikuja wodini na faili kifuani. Akamwangalia Redio mdomoni, akamgeukia mke, akaanza kuuliza, moja baada ya jingine, maswali ambayo Mama Vidonge, aliyesimama miguuni mwa kitanda, aliyajua yote kabla hayajaulizwa. Anatapika baada ya kumeza? Hapana. Ana dawa za kifua kikuu? Maana ile rifampisini inaipunguza flukonazoli mwilini. Hapana, hana. Vidonge anavimeza kweli?

"Mimi ndiye ninayemnywesha," alisema Mama Vidonge. "Hakuna hata kimoja kilichokosekana."

"Mlivinunua wapi?"

"Dukani kwangu."

Daktari akamtazama juu ya miwani. Si kwa ubaya, lakini mtu mwenye duka la dawa anayajua macho yale. "Unajua soko lilivyo siku hizi, dada yangu. Kuna vidonge vingine ndani ni unga wa kuchezea."

Mama Vidonge damu ilimchemka. Miaka kumi na saba hajauza dawa ya mashaka, anakagua tarehe na nembo boksi kwa boksi, leo aambiwe anauza unga! Alikuwa na jibu tayari ulimini, jibu la kumkalisha mtu. Halafu akalimeza, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa na mwisho mbaya. Kama dawa yake ni nzima, na mgonjwa ameimeza yote, basi kwa nini haikufanya kazi?

"Sawa," daktari alisema. "Hajawahi kuitumia kabla, kwa hiyo sina sababu ya kudhani fangasi hawa wameizoea. Tutampa ya hospitali kwa dripu, mia nne kila siku, nijue imeingia. Wiki moja. Ikishindikana tutamwomba mtaalamu aingize kamera kooni, huenda ni vidonda vya virusi vingine na si fangasi peke yao."

Wiki moja. Wifi aliitikia, akashukuru. Mama Vidonge alimtazama mdogo wake. Shingo imebaki mishipa, macho yameingia ndani, mikono ile ya kushika mashine ya kunyolea imelala juu ya shuka kama si yake. Wiki moja nyingine ya kutokula. Hakuhitaji daktari wa kumwambia hesabu hiyo.

Redio naye alikuwa akimtazama. Hakuweza kuongea, lakini macho yalisema wazi: nyamaza.

Mama Vidonge akatoka nje kwenye korido. Wauguzi walipita na toroli, mfagiaji akamwambia asogee, akasogea, akaambiwa asogee tena. Alikuwa akikumbuka.

Ilianza mwaka juzi. Redio alipita nyuma ya kaunta, akafungua mdomo, akasema, "Dada, nina vitu vyeupe hapa, na koo linawasha." Dada akampa kidonge kimoja cha flukonazoli, miligramu mia na hamsini, kile wanachopewa wanawake wenye fangasi za chini, mara moja basi. Bila cheti cha daktari, lakini nani anamwomba mdogo wake cheti? Siku ya pili akaja anacheka: dada, una mkono wa dawa. Miezi mitatu ikapita, vikarudi. Kimoja tena. Halafu miezi miwili. Halafu mwezi. Mwaka huu ilikuwa kila wiki mbili, na kimoja hakikutosha, wakaenda viwili, vitatu, mara ya mwisho vinne, na nafuu ile haikumaliza hata wiki.

Mtu wa kawaida angesema bahati mbaya. Mama Vidonge hakuwa mtu wa kawaida, cheti kiko ukutani. Alijua kuwa mtu mzima anayeota utando mdomoni kila mwezi hana shida ya mdomo, ana shida ya kinga. Alijua pia kuwa mtu anayemeza dawa zake za virusi vizuri kinga yake haiporomoki hivyo hivyo. Na alijua kuwa dawa inayotolewa kidogo, ikakatizwa, ikatolewa tena kidogo, inawaua fangasi wanyonge na kuwaachia nafasi wale sugu. Hayo angemwambia mteja yeyote kwa sauti ya kumkaripia. Kwa mdogo wake alichomoa kidonge, akakifunga kwenye kipande cha karatasi, akasema, "Usimwambie mkeo, atanisema."

Aliogopa nini sasa, hapo koridoni? Aliogopa kibali cha duka, ndiyo, kwa sababu kitakachosemwa kitaandikwa, na faili la hospitali linasomwa na wengi. Aliogopa wifi yake. Zaidi ya vyote aliona aibu, aibu ya kumfanya mtu atamani sakafu ipasuke. Lakini ndugu yake anakufa kwa njaa mita kumi kutoka hapo, na hospitali nzima haijui kinachojulikana na yeye peke yake.

Akapiga moyo konde, akagonga mlango wa chumba cha daktari. Bahati yake ikawa mbaya: wifi alikuwa ndani, anasaini karatasi ya kulazwa.

"Naweza kusubiri," alisema.

"Kama ni la mume wangu, sema tu, wifi," mke wa Redio alijibu. "Mimi siendi popote."

Basi akasema akiwa amesimama. "Daktari, ulimuuliza kama amewahi kutumia flukonazoli akasema hapana. Ametumia. Nimempa mimi. Kwa miaka miwili hivi, mia na hamsini, kimoja kimoja. Mwisho ikawa kila wiki mbili. Mwisho kabisa nilimpa vinne na havikumsaidia wiki."

Daktari akavuta kiti, akamwonyesha akae, akafungua faili ukurasa mpya.

"Jumla vingapi?"

"Ninavyovikumbuka, thelathini na kimoja."

"Na nafuu ilikuwa inapungua jinsi mlivyoendelea?"

"Ilikuwa inapungua. Na mimi niliona inapungua."

Daktari hakumkaripia. Laiti angemkaripia. Aliandika tu, na alipoinua kichwa sauti yake ilikuwa ya kazi. "Umenipa sababu. Kinga ishirini na nane, flukonazoli ya mara kwa mara kwa miaka miwili, nafuu inayofupika, na wiki nzima ya dozi kamili uliyoishuhudia mwenyewe bila badiliko. Hiyo ndiyo picha ya fangasi waliozoea dawa. Siwezi kuapa mpaka maabara iseme, lakini wiki nyingine ya dawa ileile sitampa." Akaelekeza kalamu mlangoni. "Kuna amfoterisini, ya dripu. Mfamasia wetu anawatunzia wagonjwa wa fangasi wa ubongo, haitoi mpaka aone maandishi. Sasa ninayo maandishi."

Wifi alisukuma karatasi kando. Aliweka kalamu mezani taratibu.

"Wifi," alisema, "utando mdomoni miaka miwili. Mimi nalala naye kitanda kimoja akaniambia ni vidonda vya vitamini. Wewe unajua."

"Najua."

"Ungeniambia siku moja tu. Ningemkokota kliniki kwa kola ya shati."

Wifi akatoka, akafunga mlango kwa upole, na upole huo ulimuumiza kuliko kama angeubamiza.

Daktari akarudi peke yake kwenye kitanda cha Redio, akavuta pazia. Alipotoka alisema tu kwamba sasa wanajua pia kuhusu zile dawa nyingine. Redio alionyesha kwa vidole: kumi, kumi tena, halafu vinane. Miezi ishirini na minane hajagusa dawa ya virusi hata moja. Mteja wake mmoja alimwona kwenye foleni ya kliniki ile ya mbali, akamsalimia kwa sauti kubwa, na Redio hakurudi tena.

Kesho yake mtaalamu aliingiza kamera. Umio ulikuwa umefunikwa utando mweupe mzito kutoka juu hadi karibu na tumbo, bila vile vidonda vya kina vya virusi walivyokuwa wakivihofia. Wakachukua kipande kidogo na majimaji kwa ajili ya maabara. Damu wakaipima fangasi wa ubongo, ikatoka safi. Wakapima figo na chumvi za mwili. Mchana ule ule wakaanza amfoterisini, miligramu thelathini kwa uzito wake ule. Kwanza lita moja ya maji ya chumvi yenye potasiamu, kulinda figo. Halafu dawa yenyewe ndani ya maji ya glukosi, kwa saa nne, tone kwa tone, maana ukiichanganya na ya chumvi inaganda.

Haikuwa dawa ya kubembeleza. Saa ya kwanza Redio alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Muuguzi akampa parasetamoli, akamfunika mablanketi mawili, akapunguza kasi ya dripu, akamwambia, "Tulia baba, hii ndiyo tabia yake." Mama Vidonge alimshika miguu. Wifi alimshika kichwa. Wanawake hao wawili hawakusemeshana, lakini wakagawana zamu, mmoja asubuhi, mmoja jioni, na kopo la kutemea mate waliosha wote wawili.

Siku ya tatu alimeza mate. Hakumwambia mtu, lakini Mama Vidonge aliona kopo liko kavu. Siku ya tano akaomba maji kwa mkono, yakashuka, akakunja uso, akaomba mengine. Siku hiyo hiyo maabara ikaleta majibu: fangasi wa jamii sugu, flukonazoli imewekwa juu yao na hawakujali. Daktari akaambatanisha karatasi kwenye faili, nyuma ya ule ukurasa mpya. Alisema wataendelea na dripu mpaka wiki mbili zitimie, figo zikipimwa kila baada ya siku mbili, na dawa mpya za virusi anaanza kabla ya kutoka. "Bila hizo," alimwambia Redio, "hata amfoterisini ni kudeki sakafu wakati bomba linavuja. Watarudi." Akaandika pia barua kwa ofisi inayosimamia maduka ya dawa. Hakuificha. Alimwonyesha Mama Vidonge kabla ya kuifunga, na Mama Vidonge akaisoma mpaka mwisho na kukubali kuwa hakuna neno la uongo.

Siku ya nane ilikuwa zamu yake ya asubuhi. Wodi imefagiliwa, madirisha wazi. Redio alikuwa ameketi, mgongo kwenye mito, bakuli la uji mapajani. Alikunywa vijiko saba kwa utaratibu, akipumzika kila baada ya viwili, na dada yake alivihesabu kimoyomoyo bila kutaka.

"Dada," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Naam."

"Mke wangu hanisemi. Anapika, analeta, ananifuta. Hanisemi."

"Na mimi hanisemi."

Akachota kijiko cha nane, akakiacha hewani. "Uliniumbua mbele yake."

"Nilikuumbua. Na hata ningejua nitaulizwa hivi, ningekuumbua tena."

Redio alimeza, akasubiri kishuke, kikashuka.

"Kila nilipokuja dukani," alisema, "njiani nilikuwa najiambia, leo ataniuliza kama nameza zile dawa nyingine. Leo lazima aulize, hanaga dogo yule. Na akiniuliza nitamwambia ukweli, nimechoka. Nafika, unanipa kidonge. Mara ngapi ile? Mbona hukuniuliza hata siku moja?"

Mama Vidonge alimpokea bakuli, akafuta tone la uji lililoanguka kwenye shuka. Alijua jibu tangu kile kidonge cha kwanza.

"Niliogopa utanijibu," alisema.